Vibarua, kodi ya mshahara na barua ya KRA: jibu hujengwa juu ya majina na siku

Mkandarasi wa majengo nchini Kenya anaweza kukaa miaka miwili au mitatu akilipa vibarua wake kila Jumamosi bila kusikia lolote, kisha barua ikaingia kutoka Mamlaka ya Ushuru (KRA). Barua inasema kwamba katika mwaka fulani alilipa mamilioni ya shilingi kama ujira wa vibarua, hakukata kodi ya mshahara ijulikanayo kama PAYE, wala hakuiwasilisha, na kwa hiyo anadaiwa yeye. Wengi hujibu kwa sentensi moja: hawa walikuwa vibarua, na vibarua hawakatwi kodi. Sentensi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ikitumwa peke yake hushindwa. Uchambuzi huu unaeleza sababu, na unaonyesha jibu linalosimama linavyojengwa.

Barua inatoka wapi

Ni nadra mkaguzi kufika kwenye mjengo na kuhesabu watu. Kwa kawaida hukaa ofisini na kulinganisha karatasi mbili ambazo mwajiri mwenyewe aliziwasilisha. Ya kwanza ni hesabu za mwaka zilizoambatana na kodi ya mapato, ambamo gharama ya mishahara na ujira imeandikwa kama matumizi ya biashara. Ya pili ni P10, fomu ya kila mwezi ya kodi ya mshahara, ambayo huwasilishwa kwenye iTax pamoja na malipo kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Hesabu za mwaka zikionyesha ujira wa shilingi milioni 10 na P10 za miezi 12 zikionyesha milioni 2.8 pekee, tofauti ya milioni 7.2 inakuwa swali.

Mkaguzi hana majina ya watu walio ndani ya tofauti hiyo. Ana jumla tu. Kwa hiyo mara nyingi huichukua jumla nzima na kuizidisha kwa kiwango kimoja, asilimia 30, kana kwamba ni mshahara wa mtu mmoja mnono. Jibu lolote lisiloivunja jumla hiyo vipande vipande linaiacha hesabu ya mkaguzi ilivyo.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, kinamtaka mwajiri akate kodi anapomlipa mfanyakazi. Asipokata, Kifungu cha 39A cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 kinaichukulia kodi hiyo kama deni lake mwenyewe tangu siku ambayo ilipaswa kuwasilishwa. Ndiyo maana kujitetea kwamba fundi alishalipwa pesa zake zote na amekwenda zake hakusaidii. Juu ya kodi yenyewe kuna faini ya asilimia 5 kwa kuchelewa kulipa, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Mwajiri ambaye hakuwasilisha P10 kabisa huongezewa faini nyingine ya kutowasilisha, ambayo ni asilimia 25 ya kodi au shilingi 10,000, kutegemea ipi ni kubwa.

Upande wa pili, Kanuni za PAYE zinautoa nje ya makato ujira wa kazi ya kibarua, na zinaeleza kazi hiyo ni ipi: ni kuajiriwa na mwajiri mmoja kwa muda usiofika mwezi, kwa malipo yanayohesabiwa kwa muda huo au kwa vipindi vifupi zaidi. Ndio msingi wa ile sentensi ya wengi. Lakini angalia kinachopimwa. Kanuni inapima urefu wa muda ambao mtu amefanya kazi kwa mwajiri yule yule. Kulipwa kwa siku au kwa wiki peke yake hakumfanyi mtu kuwa kibarua mbele ya kodi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inaingia hapa. Kifungu cha 2 kinamwelezea kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi. Siku za mapumziko ya wiki na sikukuu hazikatizi mfululizo huo. Kifungu hiki kiliandikwa kwa ajili ya haki za mfanyakazi, lakini mkaguzi wa kodi hukitumia kuonyesha kwamba uhusiano ulishavuka mwezi. Mwajiri anayempumzisha fundi siku tatu kila mwisho wa mwezi, kisha anamrudisha kwenye ukuta ule ule, asitegemee kwamba siku hizo tatu zitamlinda.

Hoja mbili, na ipi ina nguvu zaidi

Kutokana na sheria hizo mwajiri ana hoja mbili. Ya kwanza ni ya muda: watu hawa hawakufika mwezi, kwa hiyo ujira wao hauko chini ya PAYE. Ya pili ni ya hesabu: hata kama Kamishna ataikataa hoja ya muda, kodi ya mshahara hutozwa kwa mtu mmoja mmoja na kwa mwezi mmoja mmoja, kwa viwango vinavyopanda, baada ya kila mkazi kupewa nafuu yake.

Hoja ya pili hutajwa mara chache, ilhali mara nyingi ndiyo inayookoa pesa nyingi zaidi. Katika mwaka wa 2023, ambao tutautumia hapa chini, shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi zilitozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zilizofuata asilimia 25, na zilizozidi hapo asilimia 30. Viwango vya juu zaidi vilihusu mishahara iliyopita nusu milioni, ambavyo havimgusi kibarua. Kisha kila mkazi alipata nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400 hiyo hiyo. Kwa hiyo anayepata shilingi 24,000 au chini yake kwa mwezi hadaiwi chochote, awe kibarua au mfanyakazi wa kudumu.

Mfano wa mjengo mmoja

Tuchukue kampuni ya kubuni inayojenga nyumba za kupangisha Kisauni, Mombasa. Katika mwaka 2023 leja yake ilikuwa na akaunti iliyoitwa ujira wa vibarua, yenye jumla ya shilingi 7,200,000. P10 zake zilikuwa na wafanyakazi wa ofisini tu. KRA ikatoza asilimia 30 na kupata kodi ya shilingi 2,160,000. Faini ya asilimia 5 ni shilingi 108,000, na riba inakimbia kwa shilingi 21,600 kila mwezi.

Mhasibu alipofungua vocha, rejesta ya mahudhurio na taarifa za M-Pesa, jumla hiyo iligawanyika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni shilingi 540,000 ambazo hazikuwa ujira hata kidogo. Zilikuwa malipo ya lori la maji na kukodisha mashine ya kuchanganya zege, yaliyotumbukizwa kwenye akaunti ya vibarua kwa sababu foromani ndiye aliyelipa. Haya yanatoka kwenye hesabu ya PAYE kwa kuonyesha ankara na risiti. Mhasibu makini hukagua pia kama malipo hayo yalipaswa kukatwa kodi ya zuio, ili jibu lisifunge mlango mmoja na kufungua mwingine.

Fungu la pili ni shilingi 1,878,600 zilizolipwa kwa watu wa siku chache: waliokuja kumwaga slabu, kupakua saruji na kuchimba msingi. Wengi walifanya kati ya siku 3 na siku 8 wakaondoka. Hapa hoja ya muda inasimama vizuri. Hoja ya hesabu pia iko nyuma yake: aliyefanya kazi siku 8 kwa shilingi 1,200 alipata shilingi 9,600 mwezi huo, na kodi yake ni sifuri kwa njia yoyote ile.

Fungu la tatu ni wasaidizi 14 waliokuwepo mwaka mzima, kila mmoja akilipwa shilingi 800 kwa siku, takriban siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 20,800 kwa mtu kwa mwezi, na kwa wote kwa mwaka shilingi 3,494,400. Hawa si vibarua mbele ya kanuni, na kudai ni vibarua kungemwondolea mwajiri uaminifu kwa madai mengine yote. Lakini kodi yao ni asilimia 10 ya 20,800, yaani shilingi 2,080, ambayo inamezwa na nafuu ya shilingi 2,400. Kosa la mwajiri ni kutowaweka kwenye P10. Kodi yenyewe haipo.

Fungu la nne ni mafundi 3 waliolipwa shilingi 1,500 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa miezi 11. Kila mmoja alipata shilingi 39,000 kwa mwezi, na jumla yao ni shilingi 1,287,000. Kodi ya 39,000 inakwenda hivi: 2,400 kwa sehemu ya kwanza, 2,083 kwa sehemu ya pili, na 2,000 kwa shilingi 6,667 zilizobaki. Jumla ni 6,483, ukitoa nafuu unabaki na shilingi 4,083. Zidisha kwa mafundi 3 na miezi 11, deni ni takriban shilingi 134,750.

Jumlisha mafungu manne, unarudi kwenye 7,200,000 ileile. Tofauti yote ya mkaguzi imeelezwa, hakuna shilingi iliyoachwa ikielea, na kodi inayodaiwa imeshuka kutoka shilingi 2,160,000 hadi takriban 134,750. Mwajiri hakukana kila kitu. Amekubali mafundi watatu, na kukubali huko ndiko kunakofanya mkanusho wa mafungu mengine usadikike.

Ushahidi unaposhindwa

Kifungu cha 56 cha Sheria ya Taratibu za Kodi kinamtwisha mlipakodi mzigo wa kuthibitisha kwamba uamuzi wa Kamishna si sahihi. Kwa hiyo mgawanyo ule ni maneno matupu mpaka uwe na karatasi nyuma yake. Karatasi kuu ni rejesta ya mahudhurio yenye jina kamili, nambari ya kitambulisho, siku alizofanya kazi mtu, kiwango cha siku, jumla, na sahihi au alama ya kidole gumba. Pembeni yake kunawekwa taarifa za benki au M-Pesa zinazoonyesha pesa zikitoka, na shajara ya mjengo inayoonyesha kazi gani ilifanyika siku ile. Slabu iliyomwagwa Alhamisi inapaswa kuonekana kwenye shajara, kwenye risiti za saruji na kwenye idadi ya vibarua wa Alhamisi hiyo.

Mkaguzi mzoefu huitambua rejesta iliyotungwa baada ya barua kufika. Kurasa za miezi 12 zina mwandiko mmoja na wino mmoja, hazina mafuta wala vumbi la saruji. Sahihi za watu tofauti zinafanana. Vibarua wameandikwa kazini siku ya Idi ambayo mjengo ulifungwa. Jumla ya wiki haioani na pesa zilizotoka benki Jumamosi. Rejesta ya namna hiyo ni hatari kuliko kukosa rejesta, kwani inageuza suala la uzembe kuwa suala la udanganyifu, na udanganyifu unaondoa hata ukomo wa miaka 5 ambao kwa kawaida humzuia Kamishna kurekebisha makadirio ya zamani.

Kuna mtego mwingine unaowanasa waaminifu: kumlipa foromani pesa zote kwa simu, naye awagawie watu. Katika mfano wetu, zile 1,878,600 za watu wa siku chache ni wastani wa shilingi 156,550 kwa mwezi. Ikiwa rekodi pekee iliyopo ni ya pesa kuingia kwenye simu ya foromani, Kamishna anaweza kusema huo ni mshahara wake. Kodi ya 156,550 kwa mwezi, baada ya nafuu, ni takriban shilingi 39,348, na kwa mwaka ni kama shilingi 472,000. Ni pesa zilezile na watu walewale, lakini majina yamepotea njiani, na fungu lililokuwa halina kodi limekuwa na deni kubwa kuliko la mafundi mara tatu na nusu hivi.

Kama rejesta haipo kweli, bado kuna njia ya kujenga upya bila kutunga. Taarifa za M-Pesa za foromani zinaonyesha aliowatumia, tarehe na kiasi. Hati za viapo za foromani na za baadhi ya vibarua zinaweza kueleza utaratibu uliokuwepo. Makadirio ya mhandisi yanaonyesha slabu ya ukubwa fulani ilihitaji watu wangapi kwa siku ngapi. Jedwali linalotokana na vyanzo hivyo liandikwe wazi kwamba limejengwa upya, na kila mstari uonyeshe ulikotoka.

Mwendo wa majibu

Barua ya kwanza kwa kawaida huwa ya kueleza matokeo ya ukaguzi na kumtaka mwajiri atoe maelezo kabla makadirio hayajatolewa. Hiyo bado si uamuzi wa kodi, na haipingwi kwa pingamizi rasmi. Inajibiwa kwa barua na jedwali. Wengi huipuuza kwa kuwa haina nguvu ya kudai, ilhali hapa ndipo mahali rahisi pa kumaliza jambo: ofisa bado hajafunga faili, na marekebisho ni kazi ya meza moja.

Makadirio yakishatolewa, saa inaanza kuhesabu. Kifungu cha 51 kinatoa siku 30 za kuwasilisha pingamizi, ambalo huingizwa kwenye iTax. Ili liwe halali linahitaji mambo matatu: lieleze kwa usahihi sababu za kupinga na marekebisho yanayotakiwa, kodi isiyobishaniwa iwe imelipwa au muda wa kuilipa uwe umeombwa, na hati zote zinazohusika ziambatanishwe. Hapo ndipo zile shilingi 134,750 zinapofanya kazi. Mwajiri anarekebisha P10 za miezi husika, ambazo zitadai PIN ya kila fundi, analipa, kisha anapinga yaliyobaki. Aliyepinga kila kitu bila kulipa hata anachokubali anampa Kamishna sababu ya kusema pingamizi si halali bila kugusa hoja zake.

Maneno ya sababu yawe mahususi. Kusema tu kwamba makadirio ni makubwa mno na hayana msingi hakumwelezi Kamishna abadilishe nini. Kwa fungu la pili, sababu inaweza kwenda hivi:

Shilingi 1,878,600 zililipwa kwa watu walioorodheshwa katika Kiambatisho B, ambao hakuna hata mmoja aliyeajiriwa kwa muda unaofika mwezi, na malipo yao yalihesabiwa kwa siku. Hii ni kazi ya kibarua kwa maana ya Kanuni za PAYE. Bila kuathiri hoja hiyo, safu ya mwisho ya Kiambatisho B inaonyesha kwamba hakuna aliyelipwa zaidi ya shilingi 24,000 katika mwezi wowote, kwa hiyo hata kama ujira huu ungekuwa chini ya PAYE, kodi ingekuwa sifuri. Tunaomba kiasi hiki kiondolewe chote kwenye makadirio.

Kamishna akiona pingamizi lina kasoro, anapaswa kumjulisha mlipakodi ndani ya siku 14. Likiwa halali, ana siku 60 za kutoa uamuzi, na siku hizo zikipita kimya, pingamizi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Uamuzi ukiwa mbaya, kuna siku 30 za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Kodi, na toka hapo Mahakama Kuu. Njia ya maelewano nje ya jopo ipo pia, na kesi za aina hii huifaa, kwa kuwa ubishi mara nyingi uko kwenye hati kuliko kwenye tafsiri ya sheria. Ni muhimu hati ziingie mapema: jopo hupima kama Kamishna alikosea kwa alichokuwa nacho mezani, na rejesta iliyofichwa hadi rufaa hupoteza nguvu.

Gharama ya kukubali

Kukubali kwamba wasaidizi 14 na mafundi 3 walikuwa wafanyakazi wa kawaida kuna matokeo nje ya PAYE. Watu hao wanaingia kwenye michango ya NSSF na, kuanzia Julai 2023, kwenye tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 kwa mwajiri na kiasi kama hicho kwa mfanyakazi. Wakifutwa kazi, barua ile ya kodi inaweza kuwa kielelezo chao mahakamani. Mwajiri apige hesabu ya hayo kabla ya kutuma, na aseme jambo moja katika ofisi zote. Anayeiambia KRA kwamba mtu ni mkandarasi huru, huku akimwambia afisa wa leba kwamba ni kibarua, atashindwa pote pawili.

Hoja ya mkandarasi huru nayo ina mahali pake, ila ni kwa mtu mwingine. Fundi aliyepatana bei ya kupiga plasta ghorofa nzima, akaja na vifaa na watu wake, na angeweza kumtuma mwenzake, anaweza kuitwa mkandarasi. Mafundi wetu watatu walilipwa kwa siku, kwa kiwango kilichopangwa, chini ya foromani. Kuwaita wakandarasi ni kuweka hoja dhaifu mbele ya hoja nzuri, kwa ajili ya kuokoa shilingi 134,750.

Kwa miezi inayokuja, dawa ni ndogo. Rejesta ifungwe kila mwisho wa mwezi, na kila jina lililovuka mwezi mmoja lihamishiwe kwenye P10 hata kama kodi yake ni sifuri. Vibarua walipwe moja kwa moja kwa nambari zao za simu. Malipo ya lori na mashine yawe na akaunti yake kwenye leja. Mkaguzi akilinganisha tena zile karatasi mbili, tofauti atakayoikuta itakuwa ya watu wa siku chache pekee, nayo itakuwa na orodha ya majina tayari.